Bayocha ya magunzi: inachofanya shambani, na mipaka yake

Mahindi yakishapukuchuliwa, magunzi hubaki yamelundikana nyuma ya nyumba, na kazi yake kubwa huwa kuwashia moto. Miaka ya karibuni wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya wamesikia kwamba lundo hilo linaweza kugeuzwa bayocha, yaani mkaa unaotengenezwa kwa ajili ya kuchanganywa na udongo badala ya kupikia. Wameambiwa kwamba bayocha huongeza mavuno, hushika maji, hupunguza matumizi ya mbolea na hukaa ardhini kwa mamia ya miaka. Kila dai hapo lina ukweli ndani yake. Ila kila moja pia lina sharti, na masharti hayo ndiyo huachwa nje mara nyingi. Nitayaeleza kwa kufuata ekari moja ya mahindi, kwa sababu hesabu ya ekari ndiyo humwonyesha mkulima ukweli wa jambo hili.

Tuanze na jinsi inavyotengenezwa, maana kasoro nyingi zinazoonekana shambani zilianzia kwenye moto. Ukichoma gunzi mahali penye hewa tele, kaboni yake karibu yote huondoka kama hewa ya ukaa na unabaki na majivu. Ukilichoma kwa joto kali huku hewa ikizuiwa kulifikia, maji, gesi na lami hutoka, na kinachobaki ni mifupa myeusi ya kaboni yenye vitundu vidogo vidogo kila mahali. Joto linalofaa ni kuanzia nyuzi 400 hivi hadi 700. Tanuri la chuma si lazima. Shimo lenye umbo la faneli linatosha, upana wa mita moja na nusu juu na kina cha sentimita 80, lililochimbwa kwenye udongo mgumu, mahali ambapo upepo hautapeleka cheche kwenye nyasi za paa au shamba la jirani. Mbinu hii ya shimo ni ndugu wa tanuri la Kon-Tiki, ambalo Hans-Peter Schmidt na Paul Taylor walilitangaza mwaka 2014.

Unawasha moto mdogo chini kabisa mwa shimo kwa vijiti vikavu. Ukishashika vizuri, unaweka tabaka la kwanza la magunzi, jembamba, kiasi cha kufunika moto bila kuuzima. Miale inayopanda juu hula oksijeni yote inayojaribu kushuka, kwa hiyo magunzi yaliyo chini ya miale huiva bila kuungua. Hapo kuna jambo moja la kuangalia kwa makini: uso wa tabaka la juu. Magunzi yakianza kuvaa utando mweupe wa majivu, ni wakati wa kuongeza tabaka lingine. Ukichelewa, unakula bayocha yako mwenyewe, kwani kila weupe unaouona ni kaboni iliyoteketea. Ukiharakisha, moto unazidiwa, miale inakufa na moshi mzito unapanda. Moshi huo una methani na lami, na ndio utakaokupa bayocha mbovu. Kwa magunzi makavu kazi nzima huchukua saa moja na nusu au mbili, na mtu hawezi kuuacha moto na kwenda zake.

Shimo likijaa na miale kutulia, unazima kwa maji mengi. Maji yakiwa ya shida, unafunika kwa udongo na kuacha hadi kesho. Usiamini kwamba moto umezimika kwa sababu uso umepoa. Bayocha iliyofungiwa kwenye gunia ikiwa na kaa moja hai katikati inaweza kuwaka tena usiku, na ghala zimewahi kuteketea hivyo. Ichimbue, ilowanishe, igeuze, uilowanishe tena.

Ubora wake unaujua kwa mikono. Chukua kipande kilichokauka ukivunje: kilichoiva hukatika kwa mlio mkavu na ndani ni cheusi hadi katikati. Kikiwa cha kahawia ndani, bado ni gunzi lililoungua nje. Kisage kiganjani kisha nawa kwa maji matupu bila sabuni. Weusi ukitoka wote, lami imekwisha. Mkono ukibaki na mafuta na harufu ya moshi, bayocha hiyo ina lami, na lami inaweza kuzuia mbegu kuota. Njia nyingine ni kupanda mbegu kumi za mboga kwenye kopo la udongo uliochanganywa na bayocha hiyo, na kumi nyingine kwenye kopo la udongo mtupu, kisha ulinganishe zinavyoota. Ni jaribio la wiki moja na halina gharama.

Magunzi yawe makavu kweli, ya kukatika kwa mkono. Maganda ya mpunga, ambayo yako tele Mwea na Ahero nchini Kenya na Mbarali nchini Tanzania, hayafai kwenye shimo la namna hii. Hujishindilia na kuzima miale. Hayo huchomwa kwa kuyalundika kuzunguka bomba la bati lililotobolewa matundu, moto ukiwa ndani ya bomba, na weusi unasambaa taratibu kutoka katikati kwenda nje. Hata yakiiva vizuri hayawi sawa na magunzi, kwa sababu ganda la mpunga lina silika nyingi, yaani madini ya aina iliyomo kwenye mchanga. Kaboni iliyomo ni chache zaidi, na vumbi lake si la kuvuta puani. Lilowanishe kabla ya kulichota.

Sasa twende ardhini, na hapa nitakaa kidogo.

Bayocha ya magunzi ikiingia kwenye udongo hufanya mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza hutokana na majivu yaliyomo ndani yake. Majivu hayo yana potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, na hupunguza asidi. Sehemu kubwa ya udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya, kuanzia Vihiga hadi Kakamega na Siaya, una asidi kiasi kwamba pH, yaani kipimo kinachoshuka asidi inapozidi, iko chini ya 5.5. Chini ya kiwango hicho aluminiamu iliyomo kwenye udongo huanza kuyeyuka na kudhuru ncha za mizizi. Mizizi inakuwa mifupi na minene, haifuati maji wala fosforasi, na fosforasi yenyewe inashikwa na chuma na aluminiamu. Mkulima anaweka mbolea ya DAP na haoni faida inayolingana na pesa aliyotoa. Ukiinua pH kidogo tu mahali hapo, aluminiamu inajifungia, mizizi inarefuka na fosforasi iliyokuwa imekwama inaanza kupatikana. Mara nyingi ongezeko la mavuno linaloonekana msimu wa kwanza baada ya kuweka bayocha linatokana na jambo hili. Kwa maneno mengine, bayocha hapo inafanya kazi ya chokaa ya kilimo, na kilo kwa kilo inaifanya kwa udhaifu kuliko chokaa yenyewe. Tena nguvu hiyo ya majivu hupungua kadiri mvua inavyoyaosha.

La pili ni vitundu. Kipande cha bayocha kina nafasi ya kushika maji, kwa hiyo udongo wa kichanga, ambao maji huupita moja kwa moja, hubadilika unapochanganywa na bayocha ya kutosha. Udongo wa mfinyanzi una vitundu vidogo vingi tayari, na wenyewe hushika maji mengi. Ukiuongezea bayocha unaweza kulainika na kulimika vizuri zaidi, ila usitegemee kwamba mahindi yatavumilia ukame wa wiki mbili zaidi. Anayeuza bayocha kwa ahadi ya kushika maji bila kuuliza kwanza shamba ni kichanga au mfinyanzi, hajafika kwenye swali lenyewe.

La tatu huja polepole. Kaboni ikikaa ardhini, uso wake hubadilika taratibu kwa hewa na vijidudu na kuanza kushika virutubisho visioshwe na mvua: potasiamu, kalsiamu, naitrojeni ya aina ya amonia. Hapo ndipo bayocha inapotofautiana na chokaa na majivu, kwa sababu kazi hii hudumu. Udongo mweusi wa Amazoni huko Brazili, ambao wenyeji wa kale waliurutubisha kwa mkaa, mabaki ya chakula, mifupa na kinyesi, bado una rutuba kuliko udongo unaouzunguka baada ya mamia ya miaka. Mfano huo hutajwa kila mahali, ila wanaoutaja husahau mifupa na kinyesi. Mkaa peke yake haukujenga ule udongo.

Na hapo tunafika kwenye kosa linalowaumiza wakulima kuliko yote. Bayocha si mbolea. Sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwa kwenye gunzi huondoka na moshi, na inayobaki imefungwa ndani ya kaboni ambako mmea hauwezi kuifikia. Zaidi ya hapo, bayocha mpya, kavu, iliyotoka shimoni na kumwagwa moja kwa moja kwenye shimo la mbegu, inaweza kunyonya naitrojeni ya udongo kabla mahindi hayajaipata. Utaiona wiki ya tatu hivi baada ya kuota. Majani ya chini yanageuka manjano kuanzia kwenye ncha, na umanjano unafuata mshipa wa kati kurudi nyuma kwenye bua, kama herufi V. Mistari isiyowekwa bayocha iko kijani. Wengi wakifika hapo huacha kabisa, na siwalaumu.

Dawa yake ni kuishibisha bayocha kabla haijaingia shambani. Iponde ifike ukubwa wa punje za mahindi au chini ya hapo, ikiwa bado na unyevu ili usivute vumbi. Ichanganye na samadi mbichi au mboji changa, sehemu moja ya bayocha kwa sehemu tatu au nne za samadi kwa ujazo, uilowanishe, uifunike, ukae nayo wiki nne au zaidi huku ukiigeuza. Au iweke chini ya ng'ombe zizini, inyonye mkojo wao hadi siku ya kuzoa samadi. Njia hii ya pili naipenda zaidi, kwa kuwa mkojo wa ng'ombe una naitrojeni na potasiamu nyingi ambazo kwa kawaida huishia ardhini au kuruka hewani kama harufu ya amonia. Nchini Nepal, jaribio la maboga lililochapishwa mwaka 2015 na kundi la Schmidt liliweka bayocha iliyoloweshwa kwa mkojo wa ng'ombe karibu na mizizi, kiasi cha kilo 750 tu kwa hekta, na mavuno yakapita mara kadhaa yale ya mkojo bila bayocha. Matokeo ya ukubwa huo si ya kutarajia kila mahali, lakini yanaonyesha ni wapi kiasi kidogo kinapata nguvu: kikiwa kimeshiba, na kikiwekwa mahali mizizi ilipo.

Tafiti zinasema nini kwa ujumla? Mwaka 2017 Simon Jeffery na wenzake walikusanya majaribio mengi ya nchi mbalimbali. Katika nchi za joto, bayocha iliongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 25. Katika nchi za baridi kama za Ulaya, kwa wastani haikuongeza kitu. Sababu waliyoiona ni kwamba udongo wa nchi za joto mara nyingi una asidi na rutuba haba, na mashamba hupata mbolea kidogo, kwa hiyo kuna upungufu wa kurekebishwa. Shamba la Ulaya limeshawekwa chokaa na mbolea kwa miaka mingi, na bayocha inakuta kazi imeshafanywa.

Tofauti hiyo hiyo iko hapa kwetu, kati ya shamba na shamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Joseph Kimetu na wenzake ulipita kwenye mashamba ya nyanda za juu za magharibi mwa Kenya yaliyokatwa msitu kwa nyakati tofauti. Mengine yalikuwa yamefunguliwa miaka michache tu, mengine yamelimwa kwa karibu karne nzima. Kwenye yale yaliyochoka kabisa, bayocha ilikaribia kuzidisha mahindi maradufu. Kwenye yaliyokatwa msitu karibuni, faida ilikuwa ndogo, kwa sababu udongo bado ulikuwa na mboji yake ya asili. Zambia nako, majaribio ya bayocha ya magunzi yalionyesha ongezeko kubwa sana kwenye mchanga wenye asidi wa Kaoma, na kwenye maeneo yenye udongo mzuri zaidi ongezeko lilikuwa dogo au halikuonekana.

Kwa hiyo swali la kwanza la mkulima linapaswa kuwa pH ya shamba lake ni ngapi. Kipimo cha udongo kinagharimu kidogo kuliko gunia la mbolea. Ikiwa pH iko 6.5 au zaidi, bayocha ya magunzi haina mengi ya kurekebisha kwa upande wa asidi, na kwenye udongo wenye chumvichumvi au wa mawe ya matumbawe kama ule wa sehemu za pwani, kuongeza kitu kinachopandisha pH kunaweza kuzidisha uhaba wa chuma na zinki. Majani machanga yanapauka katikati ya mishipa. Huko mboji na samadi bila bayocha ni salama zaidi.

Sasa ile ekari. Tuseme umevuna magunia 15 ya kilo 90, yaani kilo 1,350 za mahindi. Kwa kila kilo 100 za nafaka hubaki karibu kilo 20 za magunzi makavu, kwa hiyo lundo lako ni kilo 270. Shimo likichomwa vizuri, robo ya uzito au pungufu kidogo hubaki kama bayocha. Una kilo 60. Kwa macho ni nyingi, inajaza madebe kama 15, kwa sababu ni nyepesi. Lakini ni kilo 60.

Majaribio ya Zambia yaliweka tani 4 kwa hekta, ambazo kwa ekari ni tani 1.6, na hicho ni kiwango cha chini ukilinganisha na tafiti nyingi. Wastani wa zile za Jeffery ulikuwa karibu tani 15 kwa hekta. Kwa kilo 60 kwa mwaka, utaifikia tani 1.6 baada ya miaka 26 na ushee. Upo pia utafiti wa Thomas Kätterer na wenzake uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2019. Ulionyesha kwamba mahindi yaliendelea kupata nyongeza ya zaidi ya tani moja kwa hekta kila msimu kwa miaka 10, bila bayocha kuongezwa tena. Ni matokeo mazuri kwelikweli, na ndiyo hutajwa kwenye mikutano. Kiasi kilichowekwa mwanzoni hakitajwi: tani 50 kwa hekta msimu wa kwanza, tani 50 nyingine msimu wa pili. Ni tani 40 kwa ekari. Magunzi ya ekari yako yangehitaji zaidi ya miaka 600 kufikia hapo.

Mtu atasema, basi na mabua yachomwe pia. Mabua ni kama kilo 1,350 nyingine au zaidi, na yangekupa pengine kilo 300. Lakini mabua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Yanayobaki ni matandazo yanayozuia mvua kubwa kusomba udongo, na yakioza ndiyo yanayolisha vijidudu na kurudisha naitrojeni ambayo moto ungeipeleka hewani. Kuyachoma yote ili kupata bayocha ni kuubomoa udongo kwa mkono mmoja na kuujenga kwa mwingine. Hata magunzi si takataka katika nyumba inayoyapikia. Ukiyapeleka shimoni, mama wa nyumba atatafuta kuni mahali pengine, na kuni hizo nazo ni miti ya mtu. Ndiyo maana majiko ya gesi ya kuni yaliyojaribiwa na kaya za Embu na Kwale yalinivutia kuliko shimo. Jiko hilo huunguza gesi inayotoka kwenye magunzi, chakula kinaiva kwa moshi mchache, na mwishoni mkaa unabaki ndani. Ukiumwaga na kuuzima kabla haujawa majivu, umepika na umepata bayocha. Ni kidogo kwa kila mlo, na mpishi hushawishika kuuacha uendelee kuwaka ili maharage yaive, ila kwa mwaka kiasi hujumlika bila kazi ya ziada ya shimo.

Kwa kilo 60, basi, ekari nzima tuisahau. Ukizitawanya zote unapata gramu 15 kwa kila mita ya mraba, na hakuna mmea utakaoziona. Kwenye mashimo ya mahindi yenye nafasi ya sentimita 75 kwa 50, ekari ina mashimo karibu 10,800. Ukiweka gramu 200 kwa shimo, konzi kama mbili tatu, utamaliza kwenye shimo la 300. Lakini kitalu cha mboga cha mita 6 kwa 10 kitapata kilo moja kwa kila mita ya mraba, sawa na tani 10 kwa hekta, na hicho ni kiwango chenye maana. Sukuma wiki, nyanya na vitunguu huleta pesa nyingi kwa eneo dogo kuliko mahindi, hupata samadi na maji kila mara, kwa hiyo bayocha inakuta kitu cha kushika. Mwaka unaofuata unahamia kitalu kingine, kwa kuwa ile ya kwanza bado ipo. Mashimo ya migomba, mipapai na miparachichi nayo yanafaa kwa sababu hiyohiyo: unaweka mara moja, mti unakaa miaka. Ekari ya mahindi yenye asidi iwekee chokaa ya kilimo, kwani hapo ndipo shilingi yako itafanya kazi kubwa zaidi.

Kuna tahadhari moja ambayo wauzaji hawaitaji. Bayocha hunasa kemikali, na haichagui. Kama unatumia dawa ya magugu inayopuliziwa udongo kabla mahindi hayajaota, kwa mfano yenye atrazini, bayocha iliyo juu juu itainasa dawa hiyo na magugu yatapita. Mkulima huongeza kipimo, na gharama inapanda. Izike sentimita 10 au 15, au tumia jembe kwa palizi mahali ulipoiweka.

Kuhusu hewa ya ukaa, hoja yenyewe ni ya kweli. Gunzi likiozea shambani, kaboni yake karibu yote hurudi hewani ndani ya miaka michache. Likiwa bayocha, karibu nusu ya kaboni hiyo hubaki, na iliyochomwa kwa joto la kutosha hudumu karne nyingi. Lakini kilo 60 zako zinahifadhi kiasi kinacholingana na kilo 150 hivi za hewa ya ukaa kwa mwaka, na ukilichoma shimo kwa magunzi mabichi, methani inayotoka na moshi inaweza kula sehemu kubwa ya faida hiyo, maana methani hupasha joto mara nyingi zaidi kuliko hewa ya ukaa. Ndiyo maana miradi ya kuuza hati za kaboni, yaani vyeti vya kaboni iliyozuiwa kurudi hewani, hudai picha za moto, vipimo vya unyevu na uzito wa kila shimo. Biashara hiyo inaeleweka kwa kinu cha mpunga au kiwanda cha kahawa, ambako maganda yapo mahali pamoja kwa matani na hayana kazi nyingine. Mkulima wa ekari moja anayeombwa asaini mkataba wa kaboni aulize mambo mawili kabla ya kalamu kugusa karatasi: atalipwa kwa kilo ipi, ya magunzi au ya bayocha, na nani analipia upimaji.

Anayetaka kujua kama shamba lake ni la bayocha au la, asimwulize jirani, apime. Chagua sehemu iliyo sawa, ugawe vipande vinane vya mita 2 kwa 3. Viwili viwe na samadi tu, viwili samadi na bayocha iliyoshibishwa, viwili samadi na chokaa kidogo, viwili visiwekwe kitu. Samadi iwe kipimo kilekile kila inapowekwa. Vichanganye mahali, vya aina moja visikae pamoja, kwa sababu upande mmoja wa shamba daima una rutuba kuliko mwingine. Bayocha kilo 12 zinatosha kwa vipande vyake viwili. Wakati wa kuvuna, pima kila kipande peke yake kwa mizani, si kwa macho. Kwanza tazama tofauti kati ya vipande viwili vilivyotendewa sawa. Ikiwa ni kubwa kama tofauti kati ya bayocha na samadi tu, bado hujaona kitu. Ikiwa chokaa imefikia bayocha, tatizo lako lilikuwa asidi na dawa ya bei nafuu unaijua. Ikiwa bayocha imeipita chokaa, rudia msimu wa pili na wa tatu mahali palepale bila kuongeza bayocha nyingine, kisha ndipo uamue magunzi ya mwaka ujao yaende wapi.